Viza ya mwanafunzi Uingereza: wakala anasema Juni ni likizo, nifanye kazi saa zote. Ni kweli?

Msomi_wa_Usiku

Habari zenu wakuu. Nasoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja hapa Uingereza, nilianza Septemba. Viza yangu inaruhusu saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula. Nina vibarua viwili. Alhamisi nafanya saa 8 kwenye ghala la duka. Halafu kupitia wakala nafanya zamu moja ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, naingia saa 2 usiku na kutoka saa 2 asubuhi. Zamu hiyo kwa kawaida ni ya Jumapili usiku. Yaani 8 na 12, jumla 20, sijawahi kuomba zaidi.

Nina mambo mawili yananisumbua. La kwanza, vipindi vyetu vinaisha Mei, kisha tunaandika tasnifu mpaka Septemba. Wakala amenipigia kuniambia kwamba kuanzia Juni vyuo vyote viko likizo, kwa hiyo atanipa zamu nne kwa wiki. Wenzangu wawili darasani wameshakubali.

La pili, majuzi mwenzangu kazini aliniomba tubadilishane. Badala ya Jumapili usiku nikaingia Jumamosi usiku. Karatasi ya wakala bado inasema saa 12 wiki ile, na ghalani 8. Lakini kuna jamaa kaniambia kwamba hapo nimeshavuka. Mimi sioni nimevukaje. Naomba mwenye ujuzi anisaidie, na tafadhali asiseme tu "kuwa makini".

Baharia_Mkongwe

Mkuu usijitie presha. Hayo masaa 20 ni wastani. Mimi nilisoma Australia, tulikuwa tunahesabiwa kwa wiki mbili mbili, masaa 48. Wiki moja unapiga 30, inayofuata 18, hakuna aliyekuuliza. Na likizo ni likizo, Juni hadi Septemba chuo kinakuwa kitupu, hata mkahawa wanafunga. Chukua hizo zamu ulipe ada.

Zubeda_K

Nami naomba niulize hapohapo. Mimi sijaajiriwa na mtu yeyote Uingereza. Nina wateja wangu wa nyumbani, nawatafsiria nyaraka, wananilipa kwenye akaunti ya nyumbani. Hii haihusiani na viza, sivyo? Maana pesa haigusi Uingereza kabisa.

Mama_Nasra

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye ofisi ya wanafunzi wa kigeni katika chuo kimoja huku, kwa hiyo haya mambo nimeyaona kwa macho. Nianze na kaka wa uzi, Zubeda nitakurudia.

Baharia, ulichosema ni kweli kwa Australia. Kule kikomo ni saa 48 kwa wiki mbili, tangu Julai 2023. Uingereza hakuna wastani wa namna hiyo. Kila wiki inasimama peke yake, na wiki yenyewe imewekewa mipaka: inaanza Jumatatu na kuishia Jumapili. Si siku saba zozote unazochagua wewe, wala si wiki ya mwajiri inayofungwa Ijumaa kwa ajili ya mishahara. Saa usizozitumia wiki hii zimepotea, hazihamii wiki ijayo.

Sasa chukua kalamu. Zamu ya Jumapili usiku imekatwa katikati na saa sita usiku. Saa 4 za mwanzo ziko Jumapili, wiki inayoisha. Saa 8 zinazobaki ziko Jumatatu, wiki mpya. Katika wiki zako za kawaida unakuwa na saa 8 za Jumatatu alfajiri zilizotoka kwenye zamu ya jana yake, saa 8 za Alhamisi ghalani, na saa 4 za Jumapili usiku. Jumla 20. Umekuwa salama kwa sababu tu ratiba haikubadilika.

Wiki ya kubadilishana ikawa hivi. Jumatatu ulikuwa na saa 8 zilezile, kwa sababu Jumapili iliyotangulia ulifanya kazi kama kawaida. Alhamisi 8. Kisha Jumamosi saa 2 usiku hadi Jumapili saa 2 asubuhi, zamu nzima ya saa 12 imeingia ndani ya wiki ileile. Hiyo ni 28. Wiki iliyofuata hukuwa na saa za Jumatatu, ukafanya 8 za Alhamisi na 4 za Jumapili, jumla 12. Ukizijumlisha wiki tatu unapata 60, wastani 20, na ndiyo maana Baharia anaona hakuna tatizo. Lakini ile ya katikati ni 28, na kikomo ni 20.

Karatasi ya wakala haikuonyeshi hilo kwa sababu inaiandika zamu nzima kwenye tarehe uliyoingia kazini. Na wakala hajui habari za ghala. Hakuna mtu anayekujumlishia saa zako ila wewe mwenyewe. Wanafunzi wengi niliowapokea ofisini hawakuwa wakaidi, walikuwa wanaamini karatasi ya mwajiri mmoja.

Msomi_wa_Usiku

Aisee. Sikuwahi kufikiria kuikata zamu saa sita usiku. Nimerudi nyuma kwenye ratiba zangu zote tangu Oktoba, ni wiki hiyo moja tu. Lakini kwenye zamu ya usiku tuna saa moja ya mapumziko isiyolipwa. Hiyo nayo ni kazi?

Fundi_Hesabu

Isiyolipwa haihesabiwi, ndugu. Hukufanya kazi, hukulipwa. Kwa hiyo ni 27.

Mama_Nasra

Hapo mimi singejenga nyumba. Kutolipwa peke yake hakuitoi saa kwenye hesabu, kwa sababu kikomo kinahusu kazi ya kulipwa na isiyolipwa. Siku za mafunzo ya kuanza kazi, siku ya majaribio, hata ukienda kumsaidia mtu dukani kwake bure, vyote vinaingia. Mapumziko ambayo uko huru kabisa kutoka nje ni hoja tofauti, na nimesikia washauri wakivutana juu yake. Kwenye nyumba ya wazee usiku, kengele ikilia wakati wa mapumziko unakimbia, si ndiyo? Mimi wanafunzi wangu nilikuwa nawaambia wahesabu kuanzia kuingia hadi kutoka.

Fundi_Hesabu

Bado naona mapumziko si kazi. Ila sawa, kwa mtu aliye kwenye 20 kamili sioni haja ya kubishania saa moja.

Mjukuu_wa_Pwani

Kuhusu swali la kufanya kazi saa zote: inaruhusiwa ukishamaliza kozi. Mimi nilikabidhi tasnifu yangu, kesho yake nikaanza kazi saa 40. Hakuna kosa lolote. Mwambie wakala akusubiri ukabidhi tu.

Msomi_wa_Usiku

Asante ndugu, ila mimi naulizia Juni, kabla sijakabidhi.

Mama_Nasra

Mjukuu, yako iko nusu. Ni kweli kozi ikiisha, muda unaobaki kwenye viza unaruhusiwa kufanya kazi saa zote, isipokuwa kujiajiri. Ila mwisho wa kozi si siku uliyobonyeza kitufe cha kutuma tasnifu. Waajiri wengi wanaangalia tarehe rasmi ya mwisho wa kozi, ile iliyoandikwa kwenye CAS yako, yaani hati ya udhamini uliyopewa na chuo ili uombe viza. Ukimaliza mapema, chuo ndicho kinachosema kwamba umemaliza, na kikishaitaarifu serikali, viza yenyewe inaweza kufupishwa. Pata barua ya chuo kwanza.

Sasa Juni. Hili ndilo linalowaangusha watu wa uzamili kuliko jingine lolote, na linaniuma kwa sababu anayewaangusha mara nyingi ni mtu mwenye haraka ya kujaza zamu. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza kweli ana likizo ya kiangazi. Wewe wa uzamili huna vipindi, lakini unasoma. Miezi ya tasnifu ni sehemu ya kozi, kwa hiyo ni muhula, na kikomo kinabaki 20, isipokuwa chuo chako kiwe kimetaja kwa maandishi kwamba siku fulani ni likizo kwa kozi yako. Wa uzamivu ndio kabisa, mwaka mzima ni muhula ila zile siku za mapumziko walizokubaliana na chuo. Chuo kuwa kitupu hakuthibitishi kitu.

Mwajiri anayejua kazi yake hatakuambia "ni likizo". Atakudai barua au ukurasa wa chuo unaoonyesha tarehe za muhula na likizo za kozi yako, na nakala ataitunza. Anatakiwa kufanya hivyo, kwa sababu akikutwa amemwajiri mtu kinyume na viza yake, faini inafika pauni 45,000 kwa mfanyakazi mmoja, na akirudia ni 60,000. Viwango hivyo vimeanza Februari 2024. Wakala aliyekupigia amekuomba barua hiyo?

Msomi_wa_Usiku

Hapana. Aliomba tu nambari ya kuthibitisha haki ya kufanya kazi, ile tunayoitoa kwenye akaunti ya eVisa. Akasema inatosha.

Mama_Nasra

Nambari ile inamwonyesha kwamba unaruhusiwa kufanya kazi kwa kikomo wakati wa muhula. Haimwambii muhula wako unaisha lini.

Baharia_Mkongwe

Nimekubali suala la wastani, nilichanganya nchi. Lakini tuseme ukweli, nani atajua? Wiki moja ya masaa 28, kati ya wanafunzi malaki.

Mama_Nasra

Nakujibu kwa uzito kwa sababu wanafunzi wengi wanasoma uzi huu kimya kimya. Kila siku ya mshahara mwajiri anatuma taarifa ya malipo kwa mamlaka ya kodi, HMRC, ikiwa na namba yako ya bima ya taifa. Waajiri wawili, namba ni ileile moja. Mamlaka ya kodi na Wizara ya Mambo ya Ndani wanabadilishana taarifa. Mtu ambaye viza yake inaruhusu saa 20, na malipo yake ya mwezi yanafanana na ya mtu wa saa 45, haonekani kwa bahati mbaya, anaonekana kwenye hesabu.

Wiki moja huenda isimwamshe mtu yeyote. Lakini kuna mlango wa pili: ukiomba viza nyingine, iwe ya wahitimu au ya kazi, historia yako inaangaliwa na wewe mwenyewe unaulizwa kama umewahi kuvunja masharti. Hapo ndipo nimeona kesi zikiharibika. Mwenye kosa dogo aliyeeleza ukweli na kuleta ratiba zake ana la kutetea. Aliyeandika "hapana" na karatasi za mshahara zikasema "ndiyo" amehama kutoka kosa la saa kwenda kosa la udanganyifu, na udanganyifu kwenye ombi unaweza kukufungia mlango wa kurudi kwa miaka 10. Aliyevunja masharti lakini akaondoka mwenyewe kwa gharama zake, kizuizi cha kawaida ni miezi 12. Tofauti hiyo muione.

Na kufanya kazi nje ya masharti ni kosa la jinai, unaweza kushtakiwa, na mshahara wenyewe ukachukuliwa kama mali iliyotokana na uhalifu. Kinachotokea zaidi ni kibali kufutwa, na chuo hakiwezi kuendelea kukufundisha. Mtu anapoteza shahada akiwa amebakiza sura mbili za tasnifu.

Zubeda_K

Mama Nasra, ulisema utanirudia.

Mama_Nasra

Samahani dada. Kinachoangaliwa ni mahali ulipo unapofanya kazi. Umekaa Uingereza, unatafsiri, hiyo ni kazi iliyofanyika Uingereza hata kama mteja na benki viko nyumbani. Ungekuwa umeajiriwa na kampuni ya nyumbani kwa mkataba, saa zile zingehesabiwa ndani ya 20. Lakini wewe una wateja wako mwenyewe, huna mwajiri. Huko ni kujiajiri, na viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri kabisa. Hapo hakuna suala la saa ngapi, hata saa moja haimo. Simamisha, kisha zungumza na mshauri kuhusu zile ulizokwisha fanya.

Zubeda_K

Nilidhani 20 ni ya kazi yoyote. Nimestuka sana. Wateja wawili wananisubiri na nyaraka zao ziko mezani.

Mla_Jasho

Dada pole. Hilo la kujiajiri lilimkuta mdogo wangu upande wa kupeleka vyakula kwa baiskeli. Alikodi akaunti ya jamaa kwa pauni kadhaa kwa wiki, akawa anafanya saa 10 tu, akijua yuko chini ya 20. Wale waendesha baiskeli wanahesabiwa wamejiajiri, kwa hiyo kosa lilikuwepo tangu safari ya kwanza. Juu yake akawa anatumia jina la mtu mwingine. Maofisa walimsimamisha nje ya mgahawa, wakamwomba simu, wakaona picha kwenye akaunti si yake. Sasa hivi kesi iko kwa wakili, hatujui itaishaje. Anayekukodishia akaunti hapotezi kitu siku hiyo.

Msomi_wa_Usiku

Pole sana kaka, namwombea mdogo wako. Mama Nasra, mimi sasa nifanye nini na ile wiki ya 28? Niende chuoni nikaseme?

Fundi_Hesabu

Usiende chuoni. Chuo ndicho mdhamini wako wa viza, kina wajibu wa kuripoti kikijua umevunja masharti. Utajichomea mwenyewe.

Mama_Nasra

Fundi yuko sahihi kuhusu wajibu wa kuripoti, na si wa kupuuza. Lakini si kila ofisi ya chuo ni sawa. Vyuo vingi vina washauri wa uhamiaji wanaofanya kazi kwa usiri, na chama cha wanafunzi nacho mara nyingi kina mshauri wake. Kabla hujasimulia chochote, uliza sentensi moja: "Nikikuambia jambo kuhusu kazi, unalazimika kuliripoti?" Jibu likiwa ndiyo, au wakisitasita, shukuru, nenda kwa mshauri wa nje. Awe wakili, au mtu aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority, ile iliyokuwa ikiitwa OISC mpaka mwanzoni mwa 2025. Asiyesajiliwa haruhusiwi kukushauri kuhusu viza hata kama ni mtu wa nyumbani na anatoza nafuu.

Uende na vitu vya kushika mkononi. Ratiba za zamu za wakala na za ghala tangu Oktoba, karatasi zote za mshahara, ule ujumbe wa mwenzako kuomba mbadilishane, na jedwali lako mwenyewe la Jumatatu hadi Jumapili. Ujumbe wa kubadilishana usiufute, ndio unaoonyesha ilivyotokea. Sikuahidi kwamba wiki moja itasamehewa, hilo linaamuliwa na anayepokea ombi lako. Ila mtu mwenye wiki moja iliyoelezeka na nyaraka zake hakai benchi moja na aliyefanya kazi saa 40 kiangazi kizima.

Na kuanzia sasa usiishi kwenye 20 kamili. Zamu ya wazee inachelewa, anayekupokea hajafika, unabaki nusu saa, tayari umevuka. Waombe ghalani wakupunguzie mpaka 6.

Mjukuu_wa_Pwani

Mimi nimeenda kuangalia CAS yangu. Kozi iliisha siku tisa baada ya mimi kukabidhi. Nami ni wa kuonana na mshauri.

Msomi_wa_Usiku

Nimerudi na majibu wakuu. Ofisi ya chuo imenipa barua: kozi yangu inahesabiwa muhula mpaka katikati ya Septemba, isipokuwa wiki za Krismasi na Pasaka zilizo kwenye kalenda. Nimeituma kwa wakala. Akanijibu kwamba anaelewa, ila tunaweza kufanya zamu mbili kwa jina langu, na mbili ziandikwe kwa jina la binamu yake, kisha nilipwe mkononi.

Nimemkatalia. Ghalani wamekubali saa 6. Mshauri nitamwona wiki ijayo. Wale wenzangu wawili darasani nimewaonyesha barua, mmoja ameacha, mwingine anasema wakala wake anajua anachofanya.

Mama_Nasra

Umefanya vyema kumkatalia. Kulipwa mkononi hakuifuti saa uliyofanya, na jina la mtu mwingine linaongeza udanganyifu juu yake. Ujumbe huo wa wakala utunze pia, umwonyeshe mshauri, kisha tafuta wakala mwingine.

Zubeda_K

Na hizo wiki za Pasaka kwenye barua yake, hapo anaweza kufanya kazi saa zote?

Mama_Nasra

Ndiyo, kama barua inazitaja kuwa likizo ya kozi yake. Aangalie tu tarehe zinaanza na kuisha siku gani. Likizo ikianza Alhamisi, ile Jumatatu hadi Jumatano bado ni muhula, na wiki ya namna hiyo mimi ningeihesabia 20 zilezile mpaka Jumatatu inayofuata.

Fundi_Hesabu

Wiki iliyogawanyika hivyo, kuna mahali imeandikwa wazi? Maana mwajiri wangu anasema kuanzia Alhamisi ile niko huru.